Chokaa Iliyojificha Kwenye Glasi

Katikati ya mwaka 2008, baadhi ya wakazi wa Spokane, mji wa jimbo la Washington kaskazini-magharibi mwa Marekani, walianza kufunga safari za ajabu. Mtu aliwasha gari, akavuka mpaka wa jimbo jirani la Idaho, akafika mji wa Coeur d'Alene ulio umbali wa kama kilomita 50, kisha akarudi na maboksi ya sabuni ya kuoshea vyombo. Sabuni yenyewe haikuwa ya bei poa wala haikuwa toleo jipya. Ilikuwa ile ile waliyoizoea miaka yote, ila upande wao wa mpaka ilikuwa imepigwa marufuku.

Marufuku hiyo ilianza tarehe 1 Julai 2008, na iliwekwa kwa ajili ya mto. Sabuni za mashine za kuosha vyombo zilikuwa na fosfeti nyingi, na fosfeti ikifika mtoni huwa mbolea ya mwani. Mwani ukistawi kupita kiasi, kisha ukafa na kuoza, hutumia oksijeni iliyomo majini, na samaki hukosa pumzi. Mto Spokane ulikuwa na tatizo hilo hasa. Wabunge wa jimbo wakaamua kwamba fosforasi katika sabuni hizo isizidi asilimia 0.5, wakati hapo awali iliruhusiwa kufika asilimia 8.7.

Mto ulipata nafuu yake, lakini jikoni kukaanza manung'uniko. Glasi zilitoka kwenye mashine zikiwa na utando mweupe. Vijiko viliparuza ulimini, na sahani nyeusi zikawa kama zimepakwa unga. Julai 2010 marufuku ya namna hiyo ilipoanza kutumika katika majimbo 16 kwa mpigo, malalamiko yale yale yakasikika kuanzia pwani moja ya Marekani hadi nyingine. Wengi hawakujua kwamba sabuni imebadilishwa, kwa kuwa boksi lilikuwa na jina lile lile na rangi zile zile. Wakadhani mashine imekufa. Wapo walioita fundi, na wapo walionunua mashine mpya kabisa, wakaitia sabuni ile ile na kupata ukungu ule ule.

Kumbe kilichoonekana kwenye glasi hakikuletwa na sabuni mpya. Kilikuwa ndani ya maji siku zote, na sabuni ya zamani ilikuwa ikikificha.

Maji ya mvua yanapopenya kwenye mwamba wa chokaa huyeyusha sehemu yake kidogo na kuibeba. Yakifika bombani yanaonekana safi, na kwa kunywa ni salama, lakini ndani yake mna kalsiamu na magnesiamu. Haya ndiyo maji magumu. Anayeishi penye maji hayo anayajua hata bila kipimo: sabuni ya mche haitoi povu la maana, badala yake inaganda na kuelea kama maziwa yaliyokatika, na birika la chai linajenga ukoko mgumu wa kijivu chini. Ugumu huo hupimwa kwa miligramu za chokaa katika kila lita ya maji. Chini ya miligramu 60 maji huhesabiwa kuwa laini. Yakipita 180 ni magumu sana.

Mji wa London ni mfano mzuri, kwa sababu maji yake mengi hutoka katika eneo la miamba ya chaki, na huwa na kama miligramu 250 hadi 300 kwa lita. Tuseme ni 270. Mashine ya kisasa hutumia takribani lita 10 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kila inapowashwa huingiziwa gramu 2.7 za chokaa. Ni kama nusu kijiko cha chai cha unga mweupe, kila siku, juu ya vyombo vinavyotakiwa vitoke vinang'aa.

Sehemu kubwa ya chokaa hiyo huondoka na maji machafu. Inayobaki hubaki kwa njia mbili, na alama zake ni tofauti. Ya kwanza ni tone. Tone la maji likikauka juu ya glasi, maji huenda zake na chokaa hubaki palepale, ikiacha duara dogo jeupe lenye ukingo mzito kuliko katikati. Ya pili ni utando. Maji magumu yakipashwa moto, na hasa yakichanganywa na sabuni yenye magadi, chokaa hujitenga ikiwa ingali ndani ya maji, ikawa chembechembe ndogo mno ambazo hutua kwenye kila kilichomo ndani ya mashine. Utando wa namna hii hauna madoa. Umetanda sawasawa kuanzia mdomo wa glasi hadi kitako, na mara nyingi unaonekana pia kwenye plastiki na kwenye kuta za mashine yenyewe.

Fosfeti ilikuwa inazuia jambo hili la pili. Kila chembe ya kalsiamu iliyokuwa ikielea majini ilikamatwa na fosfeti na kufungwa, isiweze kuungana na kitu kingine hadi imwagwe pamoja na maji. Zaidi ya hapo fosfeti ilisaidia kuinua mafuta na uchafu. Katika sabuni za kufulia nguo watengenezaji wa Marekani walikuwa wameiacha tangu miaka ya 1990, lakini sabuni za vyombo ziliachwa ziendelee nayo, kwa sababu ndani ya mashine hakuna mkono unaosugua. Ni maji ya moto yanayorushwa, na dawa. Dawa ikipungua nguvu, hakuna cha kuziba pengo.

Kilichobaki kwa wingi ndani ya boksi baada ya fosfeti kutolewa ni magadi, yaani kaboneti ya sodiamu. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kutambulishwa kwa magadi, maana Ziwa Magadi la Kenya limekuwa likichimbwa kibiashara kwa zaidi ya miaka mia moja, na shehena zake huenda kwenye viwanda vya sabuni na, zaidi ya hapo, viwanda vya vioo. Magadi hukata mafuta vizuri sana. Tatizo lake ni kwamba yakikutana na kalsiamu hayaifungi kama fosfeti ilivyofanya. Huungana nayo na kuwa chokaa ngumu papo hapo. Kwa hiyo matoleo ya mwanzo ya sabuni zisizo na fosfeti, kwenye maji magumu, yalikuwa yakitengeneza ule utando kwa mikono yao wenyewe.

Watengenezaji hawakukaa bure. Waliongeza chumvi za asidi ya limao, ambazo nazo hufunga kalsiamu ingawa si kwa nguvu ile ile. Wakaongeza vimeng'enya vya kumeng'enya wanga na protini. Wakaongeza polima, molekuli ndefu zinazozizuia chembe za chokaa zisishikane na kukua. Umoja wa Ulaya ulipoweka kikomo chake kwa fosforasi katika sabuni hizi kuanzia Januari 2017, kelele zilikuwa ndogo zaidi. Sabuni zilikuwa zimeboreshwa, hilo ni kweli. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, nayo imo chini kabisa ndani ya mashine za Ulaya, mahali ambapo wenye mashine wengi hawajawahi kupaangalia.

Ukitoa treya ya chini ya mashine iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya utaona mfuniko wa kuzungusha, kwa kawaida karibu na chujio. Hapo ndipo pa kutia chumvi. Pembeni mwa tangi hilo kuna chumba chenye punje ndogo za plastiki maalumu zilizobeba sodiamu. Maji ya bomba hupitishwa humo kwanza. Punje hupokea kalsiamu na kuachia sodiamu, na maji hutoka yakiwa laini kabla hayajagusa chombo hata kimoja. Baada ya muda punje hujaa kalsiamu. Mashine basi huchota maji ya chumvi kutoka kwenye tangi na kuzisafisha, na kalsiamu yote humwagwa kwenye bomba la maji machafu. Mashine nyingi zinazouzwa Marekani hazina kifaa hiki, na ndiyo maana watu wa Spokane hawakuwa na pa kukimbilia isipokuwa Idaho.

Kifaa hiki kina masharti matatu, na kila moja lina namna yake ya kuharibika. Kwanza, chumvi iwe safi na ya punje kubwa. Chumvi ya mezani ni laini mno, huganda ikaziba njia, na huwekewa vitu vya kuizuia isishikane ambavyo havitakiwi humo. Chumvi ya baharini isiyosafishwa ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa ina kalsiamu na magnesiamu yake yenyewe; ni kutia ndani kile kile kinachopaswa kutolewa. Pili, mashine iambiwe ugumu wa maji ya mahali ilipo. Haijui yenyewe, isipokuwa chache za bei ya juu zenye kipimo. Kitabu cha maelekezo kina jedwali, mara nyingi kwa nyuzi za Kijerumani, ambapo nyuzi moja ni kama miligramu 18 za chokaa kwa lita. Yale maji ya London ya miligramu 270 ni nyuzi 15. Mashine iliyopangwa kwa nyuzi 5 itakuwa inasafisha punje zake mara chache mno, na utando utarudi hata kama tangi limejaa chumvi hadi juu.

Sharti la tatu ni mfuniko ukazwe. Ukilegea, maji ya chumvi huvujia kwenye vyombo, na glasi hutoka na ukungu unaofanana kabisa na wa chokaa. Kuutofautisha ni rahisi: lowesha kidole, pitisha kwenye glasi. Ukungu ukifutika mara moja na kidole kikawa na ladha ya chumvi, mkosaji ni mfuniko. Chokaa haifutiki kwa maji matupu. Na kwa kuwa chumvi inayomwagika wakati wa kujaza hutoboa hata chuma kisichoshika kutu, tangi lijazwe pale tu mashine inapokaribia kuwashwa, ili yaliyomwagika yaoshwe hapo hapo.

Sasa kuna ile dawa ya kusuuzia, maji ya rangi ya buluu yanayouzwa kwenye chupa ndogo, ambayo wengi huiona kama ujanja wa kuwatoa watu fedha. Si ujanja. Kazi yake ni moja tu, na sabuni haiwezi kuifanya, kwa sababu wakati inapohitajika sabuni imeshamwagwa zamani.

Suuza ya mwisho ndiyo maji yatakayobaki kwenye vyombo. Maji ya kawaida yana ngozi yenye mvuto, na mvuto huo huyakusanya yakawa matone, kama yanavyofanya kwenye jani la myugwa. Kila tone likikauka linaacha duara lake. Dawa ya kusuuzia hulegeza ngozi hiyo. Maji hushindwa kujikusanya, hutanda kuwa karatasi nyembamba na kuteleza chini ya glasi karibu yote, na kidogo kinachobaki hukauka haraka kwa joto la chombo chenyewe. Chupa hizo aghalabu huwa pia na asidi ya limao kidogo, inayoyeyusha mabaki membamba ya chokaa kabla hayajashika.

Kiasi kinachotumika ni kidogo mno, mililita chache kwa kila mzunguko, na kwenye kisanduku chake mlangoni kuna kirekebishio chenye namba. Kusoma glasi kunatosha kujua pa kukiweka. Matone na madoa ya mviringo yakionekana, ongeza namba moja. Michirizi ya rangi ya bluu-bluu ikionekana, au glasi ikawa na utelezi mkononi, au povu likabaki ndani ya mashine, punguza. Vile vidonge vinavyodai kuwa na kila kitu ndani yake hubeba dawa hii pia, lakini hutiwa mwanzoni mwa safari, na sehemu yake hupotea maji ya kuoshea yanapomwagwa. Kwenye maji laini au ya wastani vinatosha. Kwenye maji ya London mtu anayetegemea kidonge peke yake atabaki na madoa, na hapo ataanza kulaumu kidonge.

Wapo wanaotia siki kwenye kisanduku hicho ili kuokoa gharama. Siki ina asidi, hilo ni kweli, lakini haina kile kinacholegeza ngozi ya maji, kwa hiyo matone hubaki matone. Na ikikaa humo kwa muda mrefu inaweza kudhuru mipira ya mashine.

Jambo jingine lisifichwe. Kwa kuwa dawa ya kusuuzia hutumika mwisho, hakuna maji yanayopita baada yake, na mabaki yake hukauka juu ya chombo. Watafiti wa taasisi moja inayohusiana na Chuo Kikuu cha Zurich walichapisha mwishoni mwa 2022 majaribio ya maabara yaliyoonyesha kwamba kiungo kimoja cha dawa hizo, aina ya alkoholi zilizounganishwa na oksidi ya ethilini, kilidhuru seli za utumbo hata kilipochanganywa na maji mengi. Walichokihofia zaidi ni mashine za migahawa, ambazo huosha na kukausha kwa dakika chache tu. Majaribio yalifanywa kwenye seli na tishu zilizooteshwa maabara, si kwa watu wanaokula kwenye sahani hizo, kwa hiyo hayatoshi kumfanya mtu atupe chupa. Yanatosha kumfanya asifungulie kirekebishio hadi namba ya mwisho bila sababu.

Siki ina kazi yake halali mahali pengine, nayo ni kupima. Kabla mtu hajabadilisha sabuni, hajanunua chumvi wala hajaita fundi, achukue glasi moja yenye ukungu, ailaze ndani ya siki nyeupe kwa dakika kumi hivi, aisuuze, aifute kwa kitambaa safi na kuitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ikirudi kung'aa, ukungu ule ulikuwa chokaa, na yote yaliyosemwa hapo juu yanamhusu. Ikibaki vile vile, basi hakuna kitu juu ya glasi. Glasi yenyewe imeliwa.

Kioo hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa vilivyoyeyushwa pamoja. Maji ya moto yenye sabuni kali yanaweza kuinyonya sodiamu iliyomo na kuila ngozi ya juu ya kioo polepole, osha kwa osha. Dalili ya mwanzo hudanganya, maana inapendeza: rangi za upinde wa mvua zinazocheza glasi ikigeuzwa kwenye mwanga. Baadaye huja ukungu wa maziwa, mara nyingi kama mkanda kuzunguka glasi, au mistari myembamba inayofuata mahali ambapo kioo kilivutwa kiwandani. Ukucha ukipitishwa hauhisi kitu kilichobandikwa. Hakuna siki, limao wala dawa ya dukani itakayorudisha kilichoondoka.

Na hapa ndipo ushauri wa kawaida hugeuka kuwa sumu. Chokaa hutokana na maji magumu. Kuliwa kwa kioo hushamiri kwenye maji laini. Kwenye maji magumu, sabuni ina kalsiamu ya kushughulika nayo. Kwenye maji laini haina, na nguvu yake yote hubaki huru. Mtu akiona ukungu, akadhani vyombo havijatakata, akaongeza sabuni na kupandisha joto, huwa anaharakisha kile kile anachokipigania.

Tuchukulie familia iliyoishi London miaka kadhaa, kisha ikahamia Glasgow. Huko London ilijifunza kwa taabu: mashine iliwekwa kwenye nyuzi 15, chumvi ilijazwa kila taa ilipowaka, kidonge kikubwa kila safari, dawa ya kusuuzia kwenye namba ya juu, joto la nyuzi 70. Glasi ziling'aa. Wakafunga mizigo, wakabeba mashine yao na mazoea yao. Sasa Glasgow hunywa maji ya Loch Katrine, ziwa la milimani ambalo limekuwa likiuhudumia mji huo tangu 1859, lililozungukwa na miamba isiyo na chokaa ya kutajika. Ni maji laini sana, ugumu wake ni sehemu ndogo tu ya ule wa London.

Miezi ya kwanza hakuna anayeona kitu. Kisha baba anaona glasi zimeanza kuwa na rangi kama ya mafuta juu ya dimbwi. Anakumbuka London, anaongeza chumvi. Ukungu unazidi. Anaanza kuvisuuza vyombo sinkini kabla ya kuvipanga, ili mashine iwe na kazi nyepesi, na hapo anaongeza kosa jingine bila kujua, kwa sababu sabuni isiyokuta mabaki ya chakula haina kingine cha kushambulia isipokuwa kioo.

Marekebisho yake yote yanarudi nyuma. Kirekebishio cha ugumu kishushwe hadi sifuri au chini kabisa kitabu kinavyoruhusu, na kwenye mashine nyingi hapo chumvi haitahitajika tena. Kidonge kikubwa kibadilishwe kwa sabuni ya unga, kwa kuwa unga unapimika. Kwa maji laini, nusu ya kipimo kwa kawaida inatosha na vyombo vinatakata. Joto lishuke hadi nyuzi 50 au 55. Mabaki ya wali na mifupa yakwanguliwe kwenye pipa, lakini sahani zisisuuzwe. Dawa ya kusuuzia irudishwe namba moja au mbili. Mlango ufunguliwe safari inapokwisha, ili mvuke wa moto usiendelee kukaa juu ya glasi. Zilizokwisha kuliwa hazitapona, ila mpya zitadumu. Glasi za kurithi za kristali, pamoja na zile zenye mistari ya dhahabu, zioshwe kwa mkono hata baada ya hapo.

Kwenye mwambao wa Afrika Mashariki mashine hizi hazijaenea majumbani, lakini kwenye mahoteli zimejaa, na maji mengi ya huko ni ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Mwamba huo ni chokaa tupu. Mashine ya hoteli huosha kreti la glasi kwa dakika mbili au tatu, na haina muda wa kusubiri sabuni ifanye kazi taratibu. Kwa kawaida ina pampu mbili ndogo zenye mipira miembamba, mmoja ukichota sabuni na mwingine dawa ya kusuuzia. Glasi zikianza kutoka na madoa ghafla, jambo la kwanza kukagua ni dumu la dawa ya kusuuzia: aidha limekwisha, au mpira umeingiza hewa na pampu inazunguka bila kuvuta kitu. Zikianza kufifia polepole kwa wiki kadhaa, tazama kifaa cha kulainisha maji nje ya mashine, kama kipo, na ulize ni lini kilitiwa chumvi mara ya mwisho. Mhudumu anayezifuta glasi moja moja kwa kitambaa kila jioni kabla wageni hawajafika anaifanya kwa mkono kazi ya mililita mbili za dawa.

Kwa aoshaye kwenye karai, sabuni yenye fosfeti au isiyo nayo haileti tofauti kubwa, kwa kuwa mkono unasugua. Doa lake huja wakati wa kukausha. Glasi iliyosuuzwa kwa maji ya kisima na kuachwa juu ya kichanja ijikaushe kwa jua hubaki na alama za matone yote, na hizo hupandana siku hadi siku hadi zikawa ukoko. Kuifuta ingali mbichi kwa kitambaa kikavu kunaondoa maji pamoja na chokaa yake kabla haijashika. Ukoko uliokwisha kujengeka hulainishwa kwa siki, au kwa kijiko cha mezani cha unga wa asidi ya limao katika lita moja ya maji vuguvugu, glasi zikilala humo robo saa. Zisuuzwe vizuri kabla ya kuguswa na kitu kingine, na kamwe siki wala asidi hiyo isichanganywe na jiki, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.